Uamuzi Ulifanyika Lini? Namna Kiingereza Kinavyoisema Kesho

Simu inaita mezani. Watu watatu wamekaa karibu nayo, na mmoja wao anainuka huku akisema: "I'll get it." Mtu aliyekua na Kiingereza hatarajii kusikia hapo "I'm going to get it", labda kama msemaji alikuwa akiisubiri simu hiyo tangu asubuhi na hataki mwingine aiguse. Sentensi zote mbili ni safi kisarufi. Zote zinamhusu mtu yuleyule na tendo lilelile, sekunde mbili zijazo. Kinachozitenganisha ni wakati wa uamuzi: kabla simu haijaita, yule aliyeinuka hakuwa ameamua lolote.

Nafundisha Kiingereza watu wazima, wengi wao wakiwa wamekisoma tangu utotoni, na naona jambo moja linajirudia katika barua na mazungumzo yao. Wanajua maneno mengi, wanasoma ripoti ndefu bila shida, lakini kila kitu cha kesho wanakiweka kwenye "will". Chanzo chake hakifichiki. Shuleni tulipewa mlinganyo mmoja: -ta- ni "will". Nitakuja, "I will come". Nitasafiri, "I will travel". Sitakuja, "I won't come". Mlinganyo huo unatosha kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye mtihani. Ukiuchukua kwenda nao kazini, unamfanya msikilizaji adhani mambo uliyokwisha kuyapanga bado unayafikiria, na mara nyingine, kama tutakavyoona, unamfanya adhani umemkasirikia.

Ninachowaomba wanafunzi wangu ni waache kujiuliza tendo litafanyika lini. Kesho, mwezi ujao, mwaka 2040, hilo halichagui umbo. Wajiulize uamuzi ulifanyika lini, kisha wajiulize nani mwingine ameshahusishwa nao. Maswali hayo mawili yanatosha kuchagua kati ya "will", "going to" na hali ya kuendelea, yaani ile "I'm leaving", karibu kila mahali ambapo kuna mtu anayeamua.

Na jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Kweli -ta- inaweza kubeba yote, lakini sikiliza tunavyozungumza tusipokuwa tunaandika insha. Simu ikiita tunasema "ngoja nipokee". Tukimwona mtu amelemewa na mizigo tunasema "lete nikusaidie", "acha nikushikie". Hizo ni kauli za uamuzi unaozaliwa papo hapo, na Kiingereza kinazisema kwa "I'll". Mtu akitueleza nia aliyonayo moyoni, anasema "nimepanga kuhama", "nina mpango wa kuacha kazi", "nataka nianze mazoezi mwakani". Hiyo ni "going to". Na jambo likishawekwa sawa na wenzake, anasema tu "naondoka Jumatano", "nakutana nao saa nne", kwa -na- ileile ya wakati uliopo ingawa Jumatano haijafika. Kiingereza nacho kinafanya hivyohivyo: "I'm leaving on Wednesday." Kwa hiyo kabla ya kuandika "will", jaribu kuirudisha sentensi yako kwenye Kiswahili cha mdomoni. Kama inakubali "ngoja ni-" au "basi acha ni-", "will" iko mahali pake. Kama inakubali "nimepanga" au "naondoka", usiipe "will".

Tuufuate uamuzi mmoja tangu unapozaliwa. Asubuhi kuna kikao. Mkuu wa idara anasema kuna mgeni anayewasili kesho kwa ndege na hakuna aliyepangiwa kumpokea. Watu wanatazamana. Mfanyakazi mmoja anasema: "I'll meet her." Basi ngoja nikampokee mimi. Uamuzi umezaliwa ndani ya sentensi hiyo. Sekunde moja kabla yake haukuwapo. Angesema hapo "I'm going to meet her", wenzake wangeshangaa kidogo: kumbe alikuwa ameshapanga, mbona hakusema? Angesema "I'm meeting her", wangeelewa kwamba ameshawasiliana na mgeni bila mkuu kujua. Maneno yote matatu yanaleta habari ileile ya kesho, lakini yanaeleza historia tatu tofauti.

Nusu saa baadaye, mtu ambaye hakuwapo kikaoni anamkuta koridoni na kumuuliza kama kuna anayeshughulikia suala la mgeni. Sasa jibu ni "Yes, I'm going to meet her." Tendo ni lilelile na siku ni ileile, ila uamuzi umeshakuwa na umri, hata kama umri wenyewe ni nusu saa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu wanafikiri "going to" inahitaji mpango mkubwa wa miezi. Haihitaji. Inahitaji tu kwamba uamuzi ulishafanyika kabla hujafungua mdomo. Akijibu koridoni "I'll meet her", muulizaji ataelewa kwamba swali lake ndilo lililomfanya ajitolee, na huenda akamshukuru kwa jambo ambalo lilikwisha kuamuliwa kikaoni.

Alasiri, mfanyakazi yule anamwandikia mgeni. Mgeni anajibu kwamba atatua saa kumi jioni. Dereva naye anaambiwa, anakubali. Kuanzia hapo sentensi ya kawaida kabisa ni "I'm meeting her at four tomorrow." Uamuzi umetoka kichwani mwake na umeingia kwenye ratiba za watu wengine wawili. Nina kipimo ninachopenda kukitumia darasani: ukibadili nia sasa hivi, kuna mtu itakubidi umwarifu? Kama hakuna, bado uko kwenye "going to". Kama yupo, hali ya kuendelea imeshakufaa. Mfanyakazi wetu, asubuhi koridoni, alikuwa na nia na ahadi ya jumla tu. Jioni ana saa, mahali, gari na mtu anayemtarajia.

Kesho yake mchana mtu anaingia ofisini na kusema: "The flight is two hours late." Ndege imechelewa kwa saa mbili. Angalia majibu haya mawili. La kwanza: "Is it? Then I'll finish this report first." La pili: "Yes, I know. I'm going to finish this report first." Katika la kwanza habari ni mpya kwake, na uamuzi wa kumalizia ripoti umezaliwa sasa hivi. Katika la pili alishapata taarifa, akafikiri, akapanga. Ukichanganya vichwa na mikia, ukasema "I know, I'll finish this report first", si kosa ambalo mwalimu atalipigia mstari mwekundu, lakini linasikika kama mtu anayejua kuwa ndege imechelewa ila hajawahi kufikiria afanye nini na muda huo mpaka ulipoingia. Na ukisema "Is it? I'm going to finish this report first", unasikika kama mtu ambaye angeimalizia ripoti hata kama ndege ingewahi na mgeni kuachwa amesimama. Hili la pili ni zito zaidi.

Nimekaa muda mrefu kwenye mfano huu kwa sababu kanuni ya vitabuni, kwamba "will" ni ya uamuzi wa ghafla na "going to" ni ya mpango, huwa inatolewa kwa sentensi moja moja zilizokatwa kutoka kwenye mazungumzo. Sentensi ikiwa peke yake huwezi kujua uamuzi ulifanyika lini. "I will buy a new phone" ni sahihi au si sahihi? Haina jibu mpaka ujue kilichosemwa kabla yake. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya namna hiyo hujifunza kukisia, au hushika neno "tomorrow" kana kwamba ndilo linaloamua, na neno hilo halisaidii chochote.

Sasa turudi kwenye "will" yenyewe, maana neno "ghafla" linaibana kupita kiasi. Mtu anaweza kulala usiku mzima akiwaza deni lake, asubuhi akaenda kwa rafiki yake na kumwambia: "I'll pay you back on Friday." Alishaamua tangu usiku, lakini bado anatumia "will", na yuko sahihi. Sababu ni kwamba hapa sentensi si taarifa ya uamuzi. Ni ahadi, na ahadi inafanyika wakati wa kutamkwa, mbele ya anayeahidiwa. Akienda kumweleza mkewe jambo hilohilo atasema "I'm going to pay him back on Friday", kwa sababu mke hapewi ahadi, anapewa habari. Kujitolea kusaidia ni vivyo hivyo: "I'll carry that." Kitisho pia. Hata anayekataa: "I won't tell anyone." Zamani "will" ilikuwa kitenzi kamili chenye maana ya kutaka, na harufu ya utashi haijaitoka hadi leo, ndiyo maana Mwingereza anaweza kusema juu ya gari bovu "it won't start", kama vile gari limegoma.

Kuna alama moja inayotambulisha "will" ya uamuzi ambao bado ni mbichi: "I think I'll go home." Nadhani ngoja nirudi tu nyumbani. "I think" hapo inaonyesha kwamba mtu anaamua huku anazungumza, na bado ameacha mlango wazi. "Maybe I'll", "perhaps I'll", "I don't think I'll" ziko kundi moja. Ukisikia mtu anasema "I think I'm going to go home", uamuzi umekaza zaidi, pengine ameshashika begi.

Suala jingine ni matamshi, na wengi hawaambiwi. Katika uamuzi wa papo hapo, mzungumzaji husema "I'll", kwa l moja nyepesi isiyosikika vizuri. Ukisema "I will" kwa ukamilifu, tena kwa kukaza, unasikika kama mtu anayebishana na aliyemwambia kwamba hataweza. Kwa kuwa l hiyo ni nyepesi, wapo wanaoiacha kabisa, wakasema "I get it", "I help you". Hapo msikilizaji anabaki na sentensi ya mazoea au ya kuelewa. "I get it" ni "naelewa", wakati mtu alitaka kusema "ngoja nipokee". "Going to" nayo hupunguzwa mdomoni ikawa "gonna", lakini pale tu inapofuatwa na kitenzi. Anayekwenda sokoni kweli kweli, kwa miguu yake, hasemi "I'm gonna the market". Ufupisho huo umeshikamana na nia. Mwendo haumo tena ndani yake.

Kati ya "going to" na hali ya kuendelea mpaka ni mwembamba zaidi, na sipendi kuwatisha wanafunzi kwa jambo hili. "I'm going to see the dentist on Monday" na "I'm seeing the dentist on Monday" zote zinafaa, na mtu mmoja anaweza kuzitumia zote mbili siku moja. Ya pili inadokeza kwamba miadi imeshachukuliwa. Ya kwanza inaiacha wazi. Lakini kuna mahali pawili ambapo hali ya kuendelea haiingii kabisa. Kwanza, mahali ambapo hakuna anayeweza kupanga. Huwezi kusema "it's raining tomorrow", kwa sababu mvua haina miadi na mtu. Sema "it's going to rain" ukiyaona mawingu yanajikusanya, au "it'll probably rain" ukitoa maoni yako. Pili, mahali ambapo wakati ujao haujatajwa popote. "I'm working" ni sasa hivi. "I'm working on Saturday" ni ratiba. Kama mwenzako alishauliza juu ya Jumamosi, huna haja ya kuitaja tena. Kama hakuuliza, sentensi itarudi kwenye sasa na utaeleweka vingine.

Nilisema kwamba mlinganyo wa -ta- na "will" unaweza kukuonyesha umekasirika wakati hujakasirika. Hii ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote, kwa sababu inagusa uhusiano wa watu. Umealikwa kwenye sherehe, siku hiyo una kazi, unataka kumwarifu mwenzako kwa upole. Kiswahili chako kinasema "sitakuja", na mkono unaandika "I won't come." Msomaji wake anapokea kitu kinachokaribia "siji ng'o". Katika ukanusho wa nafsi ya kwanza, utashi ule wa "will" unapanda juu, na "won't" inageuka kuwa kukataa. Unachokitaka ni "I'm not coming, I'm afraid, I'm working that day", au, laini zaidi, "I won't be able to come." Hiyo ya mwisho ina "won't", lakini "be able to" imeuondoa utashi: si kwamba hutaki, huwezi. Na "I'm not going to come" ni ya mtu aliyefikiri akaamua kubaki nyumbani. Ina ukali wake, ingawa si kama "won't".

Maswali nayo yanageuka. "Will you come on Friday?" kwa kawaida husikika kama mwaliko au ombi: nakuomba uje. "Are you coming on Friday?" inauliza mpango tu: umo kwenye orodha au humo? Anayeandaa viti anahitaji la pili. Akiuliza la kwanza kwa watu waliokwisha kualikwa, wapo watakaodhani wanabembelezwa. Tena kuna "What are you doing on Saturday?" ambalo watu huliuliza kila wiki wakitaka kujua kama una nafasi. Ukilibadili likawa "What will you do on Saturday?", aliyeulizwa atatulia kidogo akitafuta tatizo liko wapi, maana swali hilo huulizwa mtu aliyepatwa na jambo: amepoteza kazi, nyumba imevuja, sasa utafanyaje?

Mpango ukivunjika, maumbo mawili ya mpango yanarudi nyuma pamoja nao. "I was going to call you" ni "nilikuwa nikupigie", nia ilikuwapo ila haikutimia. "I was meeting her at four, but the flight was cancelled" ni miadi iliyokufa. Anayebaki na mlinganyo wa shuleni huandika hapa "I would call you", na msomaji anasubiri sehemu ya pili ya sentensi: ungepiga kama nini?

Ibaki tahadhari moja kwa wanaoandika rasmi. Katika matangazo, barua za taasisi na habari, "will" inatawala hata kwa mambo yaliyopangwa muda mrefu: "The meeting will begin at ten." "The minister will open the conference on Monday." Hakuna aliyeamua ghafla hapo. Lugha rasmi huipenda "will" kwa sababu haimwonyeshi mwenye nia wala haidokezi mazungumzo ya ana kwa ana, inatangaza tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza kwa kusoma magazeti ana haki ya kushangaa anapoambiwa kwamba mipango haisemwi kwa "will". Katika tangazo inasemwa, na katika mazungumzo ya nafsi ya kwanza mara nyingi haisemwi. Mkurugenzi yuleyule aliyetia sahihi tangazo la "The meeting will begin at ten" akitoka mlangoni na kukutana na mwenzake, atamwambia "We're meeting at ten", na mwenzake akijibu kwamba ukumbi umefungwa na ufunguo haujulikani ulipo, atasema "All right, I'll find it."